Fahali Akigeuka Mwekundu

Ukitaka kumjua Abdulnasiri wa Majengo, anza na kamba yake. Ilikuwa kamba ya katani nyembamba, imefungwa shingoni mwa plagi ya televisheni, ikapita juu ya misumari miwili ukutani na kuja kuning'inia karibu na kigoda chake cha pale mlangoni. Mtu mwingine hukaa na tasbihi mkononi, mwingine na sigara. Yeye alikaa na ncha ya kamba, saa zote kibanda kilipokuwa wazi. Picha ikitikisika kidogo tu, alivuta. Plagi ikachomoka, kioo kikazima kwa mlio mdogo wa kusikitisha, na vijana wote kwenye benchi wakapiga kelele kana kwamba wamefiwa.

"Umeme huo," alisema, na uso wake haukuwa na haja ya ushahidi. "Mnataka niungue?"

Walimwamini, kwa sababu aliwahi kuungua kweli. Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa na vitu vikaanza kumiminika nchini: redio za betri, viatu vya kung'aa, na mashine za gemu za Kichina zilizochezwa kwa kaseti za plastiki. Abdulnasiri, fundi redio mtoto wa fundi cherehani, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini Dodoma kuona kwamba vijana wangelipa ili kumrusha mtu mdogo wa kwenye kioo juu ya mashimo. Akaweka televisheni sebuleni, pakawa kibanda chake cha gemu. Ikaja miaka ya mgao, maji ya bwawa la Mtera yakapungua, umeme ukawa mgeni anayekuja bila hodi na kuondoka bila kuaga. Siku moja ulirudi na hasira. Kioo kilimeta cheupe, kikameta tena, spika ikanyamaza, halafu moshi. Televisheni ile aliinunua marehemu mkewe Mwanamvua kwa fedha za kushona, kabla hajaugua. Abdulnasiri aliinua mabaki yake mikononi kama mtoto, akayatoa nje, na kesho yake akafunga kamba kwenye televisheni nyingine.

Kibandani kwake hukulipia muda. Ulilipia roho tatu. Ukifa mara tatu unampisha mwenzio, uwe umecheza asubuhi nzima au umekufa hata kabla hujakaa sawasawa. Na kamba ikivutwa ukiwa hai, roho zako alikurudishia, kwani katika hilo hakuwa na ubahili. Vijana waliupenda utaratibu huo. Kilichowashinda ni Fahali.

Fahali alikuwa mwishoni mwa kaseti moja yenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyeyasoma. Unapita msitu, unapita mgodi, unaingia kwenye pango, mlango unajifunga nyuma yako, na huyo hapo: ng'ombe dume la chuma, kubwa nusu ya kioo, na juu yake mstari mrefu wa kijani unaoonyesha uhai uliobaki. Wachezaji hodari kama Thobias, fundi baiskeli mwenye vidole vyepesi, waliweza kuupunguza mstari ule. Lakini wakifika katikati, mambo yaliharibika. Kioo kinameta cheupe, kinameta tena, muziki unakatika. Na Abdulnasiri anavuta.

"Kaseti mbovu," ndivyo walivyokubaliana wote. "Inavuta umeme mwingi." Wakamzoea Fahali kama watu wanavyozoea bomba lisilotoa maji.

Sasa, mwaka ule, mwezi wa Desemba, akaja Kuluthumu.

Kuluthumu alikuwa binti wa Abdulnasiri, wa pekee, ila ungewakuta pamoja ungedhani ni mgeni na mwenye nyumba ya wageni. Mama yake alipofariki, mtoto akiwa bado anajifunza kusema, baba alimpeleka Chemba kwa bibi yake mzaa mama, akamwacha huko. Alikwenda kumwona. Hilo tumpe haki yake, alikwenda, Idi zote mbili, na kila mara aliweka mfuko wa sukari juu ya mkeka, akauliza habari za shule, akatazama saa na kuwahi basi lile lile lililomleta. Sasa bibi macho yamekwisha, amehamia kwa mwanawe, na Kuluthumu amemaliza darasa la saba na kuchaguliwa sekondari ya bweni Kongwa. Shule ikifunguliwa Januari ataondoka. Hapo katikati ilibidi akae mahali.

Mjomba wake Jamaldini ndiye aliyemleta. Alikunywa chai, akasifia joto la Dodoma, na alipofika mlangoni akashusha sauti.

"Shemeji, likizo zake kwangu kuna nafasi. Lakini nimemwambia atachagua mwenyewe, kwangu au kwako. Ni mtu mzima sasa."

"Vizuri," alisema Abdulnasiri. "Achague."

Alilisema kwa sauti ya mtu asiyejali, akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda chake, akagundua kwamba anajali mno. Majuma machache, basi, ndiyo aliyopewa. Baada ya hapo mtoto angepanda basi la Kongwa, na shule ikifungwa angekwenda Chemba, na mwaka unaofuata Chemba tena, mpaka aolewe huko na yeye apelekewe kadi ya mwaliko kama jirani.

Lakini utaongea nini na mtoto usiyemjua? Asubuhi alimkuta amekwisha kufagia uwanja. "Shikamoo." "Marahaba, mama." Alimwita mama kwa sababu binti alibeba jina la mama mzazi wa Abdulnasiri. Binti hakumwita chochote. Abdulnasiri alichunguza jambo hilo siku baada ya siku. Chakula kikiwa tayari Kuluthumu alikuja mpaka mlangoni, akasimama, akasema, "Chakula tayari," akiuambia mlango. Mtu akimuulizia, alijibu, "Mwenyewe ametoka." Neno lile fupi ambalo kila mtoto wa Majengo alilitupa ovyo barabarani, lake hakuliokota.

Kwenye gemu alianza kwa kusimama nyuma ya pazia la chumba, akitazama migongo ya vijana. Asubuhi moja, kabla ya wateja, Abdulnasiri alimkuta ameketi kwenye benchi tupu mbele ya kioo kilichozimwa, pedi ya kuchezea mapajani.

"Unataka kujaribu?"

Aliitikia kwa kichwa. Baba akachomeka plagi, akapachika kaseti, akarudi kwenye kigoda na kushika kamba yake.

Msituni alikufa, mgodini alikufa, kesho yake pia. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa nyumbani, roho zake hazikuhesabiwa. Baada ya siku chache akafika pangoni, na hapo Abdulnasiri akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa Thobias wala kwa mwingine yeyote. Wale waliingia wakipiga. Kuluthumu aliingia akasimama.

Fahali aliinamisha kichwa, akaparua ardhi kwa kwato, mara mbili, akatoka mbio na kumfagia. Akafa. Akaingia tena, akasimama tena. Kichwa chini, paru, paru, mbio. Akafa. Mara ya tatu kulitoka mlio mdomoni mwa Kuluthumu, vidoko viwili vya ulimi, kama vile vilivyomo katika lugha ya bibi yake, na baada ya kidoko cha pili akaruka. Fahali alipita chini ya miguu yake, akaubamiza ukuta, akakaa chini na nyota zikimzunguka kichwani.

"Mpige!" alisema Abdulnasiri, akainuka kidogo.

Akampiga. Mstari wa kijani ukapungua kidogo sana.

"Anapiga hodi kabla ya kuja," alisema Kuluthumu. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza isiyohusu chakula. "Kila mara anaparua mara mbili. Asingeparua, hakuna ambaye angemweza. Anataka tumjue."

"Anataka kukuua, mama."

"Angetaka kuniua tu angekuja bila kuparua."

Abdulnasiri alikuwa fundi, na fundi hawezi kuiona saketi ikielezwa asiisogelee. Akaburuta kigoda. Asubuhi zikawa zao. Chai iliwapoa kwenye vikombe. Wakatambua kwamba Fahali hufuata mpango: mbio, mbio tena, kisha huinua kichwa, anakoroma, na kutema mawe. Mawe yalipaa juu na kuangukia mbali, kwa hiyo aliyekimbia kwenda nyuma, kama walivyofanya vijana wote, aliyakimbilia. Mahali salama palikuwa karibu, chini ya kidevu chake hasa.

"Nani angedhani," alisema Abdulnasiri.

"Ndiyo maana anatema akiwa amesimama," Kuluthumu alisema. "Anakupa nafasi ya kutafuta. Anafundisha kimoja kimoja. Kwanza kuruka, halafu kusogea."

Walizungumza habari za Fahali tu, lakini walizungumza. Wakati mwingine Kuluthumu akiwa jikoni alipaza sauti, "Nimejua, mawe hayaji kabla ya mbio mbili!" na Abdulnasiri, peke yake sebuleni, aliona raha mpaka aibu ikamshika. Alianza kumjua pia. Akikasirika, huosha vyombo vilivyo safi. Akifurahi, vidoko vinamtoka bila kujua.

Halafu wakafika katikati ya mstari.

Kioo kilimeta cheupe. Muziki ukakatika. Mkono wa Abdulnasiri ulivuta kabla yeye mwenyewe hajafikiri, kioo kikazima, na Kuluthumu akabaki na pedi mkononi.

"Umeme huo," alisema baba. "Pole. Rudia."

Alirudia, msitu, mgodi, pango. Katikati, cheupe, kamba. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu Kuluthumu hakuwasha tena. Aligeuka kwenye benchi akamtazama, na ilikuwa nadra amtazame usoni.

"Si umeme."

"Mama, mimi nimeshaungua. Unaujua umeme wewe? Hivi hivi, cheupe, kimya, moshi."

"Taa," alisema Kuluthumu, akionyesha balbu ya darini, ambayo ilikuwa inawaka mchana huo kwa sababu sebule haikuwa na dirisha. "Kila mara naitazama. Umeme ukiyumba taa inayumba. Kioo kikimeta taa imetulia. Na kwa nini siku zote iwe nusu? Umeme ungejuaje kwamba amebakiza nusu?"

Abdulnasiri aliitazama balbu. Yeye ndiye fundi, na ile balbu alikuwa ameitundika kwa mikono yake.

"Labda ni muda," alisema. "Kaseti inapata joto ikichezwa sana."

"Basi tupime."

Akacheza mpaka kwa Fahali, akampiga mpaka mstari ukabaki unywele mmoja kufika nusu, kisha akaacha kupiga. Aliruka na kusogea tu, kuruka na kusogea, vidoko vikimtoka. Mbio, mbio, mawe. Mbio, mbio, mawe. Nje muuza mkaa alipita akinadi, akarudi akinadi. Wali ulianza kunukia, kisha kuungua. Kaseti ilikuwa na kila sababu ya kupata joto. Fahali aliendelea vile vile, mvumilivu kama mwalimu wa darasa la kwanza, wala kioo hakikumeta.

"Si muda," alisema Abdulnasiri.

"Si muda. Ni damu yake. Sasa nampiga mara moja. Kitameta." Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Usivute. Tafadhali, usivute."

"Sivuti."

Fahali aliubamiza ukuta, akakaa na nyota zake. Kuluthumu akampiga.

Kioo kikameta cheupe, na Abdulnasiri akavuta.

Hakukusudia, Mungu ni shahidi. Aliona weupe ule, akanusa moshi ambao haukuwapo, na mkono ukafanya kazi yake. Plagi ilining'inia kwenye kamba, inabembea. Balbu ya darini ilikuwa imetulia kabisa.

Kuluthumu aliweka pedi chini taratibu.

"Ndivyo ulivyo," alisema.

"Nisamehe, mama, mkono tu."

"Kitu kikibadilika unazima. Siku zote. Mimi nililia siku ya kwanza Chemba, bibi ameniambia, nililia nikakushika shati, wewe ukaondoka. Kila Idi nilijipanga niseme, lakini nikianza tu kulia unatazama saa. Unaweka sukari unakwenda. Ungekaa! Ningelia nikamaliza! Hujawahi kukaa uone kinachofuata!"

Alikuwa amesimama, uso umelowa, na maneno yalimtoka kwa kupandana, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa lugha ya bibi yake. Abdulnasiri naye alikuwa amesimama. Miguu yake ilikuwa imekwisha kufika mlangoni. Alikuwa na udhuru tayari, angesema anakwenda kumnunulia soda, angerudi na chupa baridi, na mtoto angekuwa amekwisha kunyamaza na kuosha vyombo vilivyo safi. Hivyo ndivyo alivyoondoka hospitalini pia, Mwanamvua alipobadilika rangi. Alikwenda kutafuta maji ya chupa, na aliporudi walikuwa wameshamfunika. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo, na hakuna siku iliyopita asilikumbuke.

Jua la nje lilimpiga machoni. Akageuka, akarudi, akaketi kwenye benchi, si kwenye kigoda.

"Lia," alisema. "Nipo."

Akalia. Ilichukua muda, maana kilio kilikuwa kingi na cha miaka. Abdulnasiri hakujua mikono yake aiweke wapi, akaiweka magotini. Wateja wawili walichungulia, akawafukuza kwa macho. Aliogopa sana. Na alishangaa, kwa sababu kilio kile kilipofika kileleni hakikumwua mtu. Kilipungua, kikawa kwikwi, na mwishowe Kuluthumu akafuta pua kwa kanga na kusema, kwa sauti nzito, "Wali umeungua."

"Tutakula ukoko."

Wakala ukoko. Na juu ya ukoko ule Abdulnasiri alimweleza habari ya maji ya chupa, yote, bila kujipamba. Kuluthumu alisikiliza akichora kwa kidole pembeni mwa sahani. Hakusema amemsamehe, ila hakuinuka.

Alipomaliza kula alichukua ncha ya kamba kutoka msumarini. "Mimi nitashika hii," alisema. "Wewe shika pedi."

Abdulnasiri, ambaye kwa miaka yote ya biashara hakuwahi kucheza hata siku moja, alishika pedi kwa vidole vya fundi vilivyozoea bisibisi. Alikufa msituni mpaka wakacheka. Kuluthumu alimfundisha kama Fahali alivyomfundisha yeye, jambo moja kwa wakati. Pangoni alimpigia vidoko, viwili, na baada ya cha pili baba alijua aruke. Alasiri nzima ilikwenda hivyo, na wateja waliorudi walikaa benchi la nyuma wakishuhudia mwenye kibanda akiuawa ovyo, jambo lililowafurahisha kupita kiasi.

Mwishowe mstari ukafika nusu. Kioo kikameta cheupe, kikameta tena. Muziki ukakatika. Mabega ya Abdulnasiri yakapanda mpaka masikioni, akamtazama binti yake. Kamba ilikuwa mkononi mwake, imelegea. Hakuivuta.

Weupe ukaondoka, na Fahali alikuwa mwekundu. Mvuke ulimtoka puani. Muziki ukarudi, wa kasi, ngoma tupu.

"Awamu ya pili!" alipiga kelele Thobias kutoka nyuma, kwa lugha ya wanasiasa wanaohesabu serikali, na kibanda kizima kikasimama. Miezi yote ile walikuwa wakiuita ugonjwa wa kaseti, kumbe ni mlango. Abdulnasiri alitazama kwa mshangao mkubwa mpaka akasahau kuruka, akafagiwa.

Siku zilizobaki walizitumia kwa Mwekundu. Awamu ya pili haikuwa na kitu kigeni, na hilo ndilo lililompendeza Kuluthumu zaidi. Fahali alichukua mafunzo yake ya zamani na kuyaunganisha. Aliparua mara mbili vile vile, lakini akiubamiza ukuta, mawe yalianguka kutoka darini papo hapo, kila mahali isipokuwa karibu naye. Kwa hiyo baada ya kumruka ilibidi umfuate, usimkimbie. Na ukishamfikia, anageuka kuja tena, paru, paru, unaruka. Baada ya ukuta wa pili tu ndipo anakaa na nyota zake. Aliyejifunza kuruka na kusogea alikuwa na kila alichohitaji, isipokuwa ujasiri wa kuvitumia pamoja.

"Ila lazima apumzike mahali," alisema Kuluthumu. "Hata akiwa mkali vipi. Ukivumilia mpaka hapo, zamu yako inafika."

Abdulnasiri alimtazama kwa pembe ya jicho na kuwaza kwamba hajui ni lini mtoto huyu amekua hivi, na kwamba hilo halikuwa kosa la mtoto.

Uhai ulipobaki robo, kioo kilimeta tena, na hapo Fahali akawa mweusi. Aliparua mara moja tu. Waliokuwa wakihesabu mbili walikufa wakisubiri ya pili. Na mpango wa mbio, mbio, mawe ukavunjika, ikawa lolote lafuata lolote.

"Huyu sasa ni mwonevu," alisema Abdulnasiri, aliyekuwa amekufa hapo mara nyingi kuliko wote.

"Siyo. Bado anapiga hodi. Kichwa chini ni mbio, kichwa juu ni mawe, ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Tulikuwa tunahesabu. Sasa anataka tumtazame."

Jioni ya mwisho kabla ya safari ya Kongwa, sanduku la chuma likiwa limeshafungwa, kibanda kilijaa. Kuluthumu alicheza. Msitu, mgodi, kijani, mwekundu, mweusi. Kidoko kimoja, anaruka. Kichwa juu, anasogea. Mstari ukabaki punje. Fahali akaubamiza ukuta wa mwisho, akakaa chini, nyota zikamzunguka kichwani, amebakiza pigo moja.

Kuluthumu hakupiga. Alikaa akitazama tu, kidole juu ya kitufe, mpaka nyota zikaisha, Fahali akainuka, akaparua, akamfagia.

Kelele zilizotoka hapo zilisikika mpaka sokoni. Thobias alijishika kichwa. "Dada, umefanya nini?"

"Nimesahau," alisema Kuluthumu, akaweka pedi chini.

Abdulnasiri hakuelewa. Usiku aligeukageuka kitandani akihofu kwamba mtoto ameamua kuachana na mambo ya hapa, na kwamba kuacha vile kulikuwa kuaga.

Stendi asubuhi ilikuwa na vumbi na wanafunzi wengi wenye masanduku. Alimpandishia sanduku juu ya basi. Akampa mfuko wa sukari, kisha akaona ni nini amebeba, na uso ukamwaka kwa aibu. Kuluthumu aliutazama mfuko, akacheka, akaupokea. Miguu ya Abdulnasiri ilitaka kwenda. Alijua mapito yote ya kutokea pale stendi. Alisimama. Dereva aliwasha, akazima, akashuka kunywa chai, akarudi, na Abdulnasiri alikuwa bado chini ya dirisha, analia waziwazi mbele ya makondakta, hafuti.

Basi lilipoanza kutembea Kuluthumu alitoa kichwa dirishani.

"Usimwue mpaka nirudi likizo, baba!" alipiga kelele. "Unasikia? Usimruhusu mtu yeyote!"

Akatoa kidoko kimoja, mlio mkali uliopenya kelele zote za stendi, na basi likaondoka.

Abdulnasiri alirudi Majengo kwa miguu. Kamba aliikata, akaitumia kufungia matandiko. Ile kaseti aliichomoa, akaifunga kwenye kitambaa cha Mwanamvua, akaificha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Vijana walipokuja mchana wakitaka kumalizia pigo lile moja, walimkuta mwenyewe kwenye kigoda mlangoni, mikono mitupu, uso hauna haja ya ushahidi.

"Kaseti mbovu," aliwaambia. "Inavuta umeme mwingi."